Oda Moja, Vifurushi Vitatu, na Kioo Kisichoonekana

"Niliagiza vitu kadhaa kwa muuzaji mmoja, nikalipa mara moja. Vimekuja kwa mafungu, kimoja hakimo. Simu inaniambia oda imefika. Nimeibiwa, au bado kiko njiani?"

Hilo ndilo swali ninaloulizwa na wanunuzi wa Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju kuliko jingine lolote kuhusu ununuzi wa mtandaoni. Tangu Jumia ifunge shughuli zake Tanzania, Novemba 2019, wengi huagiza moja kwa moja kwa wauzaji wa China, tena kwa maduka ambayo hayana ofisi hapa ya kwenda kugonga meza. Kitu kikipungua, ugomvi wote unafanyika kwa maandishi na picha, na anayeshinda ni mwenye ushahidi.

Tatizo la swali lenyewe ni kwamba linauliza kuhusu oda, na oda haisafiri. Oda ni karatasi ya malipo. Kinachosafiri ni kifurushi, na kila kifurushi kina namba yake, uzito wake na tarehe zake. Kabla ya kuamua kama umeibiwa inabidi ujue kitu kilichopungua kilitakiwa kuwa ndani ya kifurushi kipi. Ukishalijua hilo, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Tutembee na mfano mmoja. Fundi simu mwenye kibanda Tandika, wilaya ya Temeke, ameagiza kwa muuzaji mmoja vioo vitatu vya simu vya Sh 30,000 kila kimoja, betri mbili za Sh 12,000 kila moja, seti ya bisibisi ya Sh 11,000 na chupa ya gundi ya kubandikia vioo ya Sh 5,000. Jumla ni Sh 130,000. Alikuwa na punguzo la Sh 13,000, akalipa Sh 117,000, usafiri bure. Bei hizi nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi, ila mpangilio wa oda ni ule ule wa mafundi wengi.

Baada ya wiki kadhaa amepokea vifurushi viwili. Kimoja kina vioo viwili na bisibisi. Kingine kina betri zote mbili. Gundi haipo, na kioo cha tatu hakipo.

Kwa nini muuzaji hakuweka vyote pamoja

Mtu akiona mzigo umegawanywa hudhani muuzaji amezembea au anaficha jambo. Mara nyingi sababu ni ya kawaida kabisa, na kuijua kunakusaidia kukisia kitu kipi kilipanda kifurushi kipi.

Sababu ya kwanza kwa fundi wetu ni betri. Betri za lithiamu, yaani hizi za simu, zinaweza kushika moto zenyewe zikipata hitilafu, na moto wake ni mgumu kuuzima. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zimekataza betri za lithiamu zilizo peke yake, zisizokuwa ndani ya simu au kifaa, kubebwa kama mizigo katika ndege za abiria. Kwa hiyo muuzaji huzipeleka kwa njia nyingine, kwa msafirishaji anayekubali betri, na njia hiyo ina mwendo wake. Gundi nayo ni kimiminika chenye kemikali inayowaka, wasafirishaji wengi hawaipokei pamoja na mizigo ya kawaida, basi inatengwa tena. Vioo na bisibisi havina kikwazo, vikaenda pamoja. Hapo vimeshapatikana vifurushi vitatu bila mtu yeyote kufanya hila.

Sababu ya pili ni uzito. Kifurushi kidogo kinachopita posta kwa utaratibu wa barua kina ukomo wa kilo 2. Muuzaji mwenye oda ya kilo tatu huona nafuu kuigawa kuliko kulipia njia ya vifurushi vikubwa. Ya tatu ni maghala: duka moja la mtandaoni linaweza kuwa na bidhaa katika maghala mawili yaliyo katika miji tofauti, na kila ghala linafunga la kwake.

Kwa fundi wetu, basi, gundi na kioo ni kesi mbili tofauti, ingawa zote zimo ndani ya oda moja. Gundi haipo kwa sababu kifurushi chake hakijafika. Kioo hakipo ingawa kifurushi chake kimefika. Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa: wanaandika lalamiko moja kwamba "vitu havijafika", muuzaji anajibu kwa picha ya skrini inayoonyesha `Delivered`, yaani kimekabidhiwa, na lalamiko lote linatupwa.

Kusoma namba ya kifurushi

Ingia kwenye oda yako, tafuta sehemu ya ufuatiliaji, uone kama kuna namba moja au zaidi. Namba ya pili mara nyingi imejificha chini ya ya kwanza, inabidi uvute ukurasa. Kama idadi ya namba ni ndogo kuliko idadi ya vifurushi unavyodhani vipo, mwandikie muuzaji swali moja tu: kitu fulani kimesafiri kwa namba ipi?

Kama kifurushi kinapita posta, namba yake ina umbo linalokubaliwa na Umoja wa Posta Duniani: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka. CN ni China, SG ni Singapore. Herufi ya kwanza kabisa ndiyo yenye habari:

- R ni rejista, kifurushi kinachosainiwa kikipokelewa.
- L ni kifurushi kidogo kinachofuatiliwa.
- C ni kifurushi kikubwa, na E ni EMS, huduma ya haraka ya posta.
- U ni kifurushi kidogo kisichofuatiliwa hadi mwisho.

Hiyo U ndiyo inayosumbua watu. Kifurushi cha gundi cha Sh 5,000 kinaweza kupewa namba ya U kwa kuwa ni rahisi. Kitaonekana kikitoka China, halafu kimya. Hakitaonyesha kimefika Dar es Salaam wala kimekabidhiwa, hata kama kiko kwenye sanduku la posta unaloliangalia kila wiki. Mnunuzi anayelinganisha ukimya huo na kifurushi cha betri chenye taarifa kila siku hudhani cha gundi kimepotea, kumbe taarifa yake iliishia uwanja wa ndege wa huko kilikotoka.

Kifurushi chenye R au L kikikaa kimya muda mrefu baada ya kuingia Tanzania, hapo kuna la kufuatilia, na mara nyingi jibu lipo karibu. Wakazi wengi wa pembezoni mwa jiji hawana sanduku lao la posta. Wanatumia la kazini, la shule au la ndugu. Vifurushi vitatu maana yake ni notisi tatu au ujumbe wa simu mara tatu, na mtu wa ofisini anaweza kukupa notisi mbili, ya tatu ikabaki kwenye droo ya mtu mwingine. Angalia pia anwani iliyochapishwa kwenye lebo za vifurushi ulivyokwisha kupokea. Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke, lakini watu bado wanajaza wilaya za zamani, leo hivi, kesho vile. Namba ya simu ikiwa imekatika kwenye lebo ya kwanza, huenda imekatika na kwenye ya pili, na hapo hakuna wa kukupigia. Nenda posta na namba ya kifurushi mkononi. Ukienda na namba ya oda tu, hawawezi kukusaidia, kwa sababu posta hawaijui namba hiyo.

*Kwa kifupi mpaka hapa: kitu ambacho kifurushi chake hakijafika kinafuatiliwa kwa namba. Kitu ambacho kifurushi chake kimefika bila chenyewe hakifuatiliwi kwa namba tena. Kinafuatiliwa kwa mizani.*

Mizani

Turudi kwenye kioo cha tatu. Kuna uwezekano wa aina tatu. Ama muuzaji hakukiweka kabisa, ama kiliwekwa kikatolewa njiani, ama kimewekwa kwenye kifurushi kingine ambacho hakijafika. Ukiangalia boksi kwa macho huwezi kuzitofautisha hizi tatu. Ukipima utajua kama kilitolewa njiani au la.

Kila kifurushi kinachosafirishwa kutoka China hupimwa kabla ya kuondoka, kwa sababu nauli hutozwa kwa uzito. Uzito huo huchapishwa kwenye lebo, kwa kawaida kwa kilo zenye nukta, mfano 0.535. Karibu yake kuna stika ya forodha iitwayo CN22, ambapo muuzaji ameandika kilichomo, idadi na thamani. Isome hiyo stika, lakini usiiamini sana. Wauzaji huiandika kwa mazoea: vioo vitatu vinakuwa "vifaa 1", na thamani hushushwa ili ushuru upungue. Uzito wa lebo unaaminika zaidi, kwa kuwa msafirishaji ndiye anayepima, na hana sababu ya kujipunja.

Fundi wetu alikuwa hajatupa kitu. Alikusanya vioo viwili na viboksi vyake, bisibisi, bahasha, plastiki za mapovu na hata selotepu aliyoichana, akaenda duka la jirani lenye mizani ya dijitali ya kupimia sukari. "Mangi, nipimie na hii," akasema, akaweka kila kitu juu. Mizani ikasoma gramu 530. Kisha akapima kioo kimoja na kiboksi chake peke yake: gramu 140.

Lebo ilisema 0.535, yaani gramu 535. Tofauti ni gramu 5, na mizani ya dukani inaweza kukosea kiasi hicho. Kama vioo vitatu vingekuwemo, lebo ingetakiwa kusoma karibu na gramu 670. Kwa hiyo kifurushi kilipotoka mikononi mwa muuzaji kilikuwa na vioo viwili. Hakuna mtu wa posta aliyekigusa, wala mtu wa forodha. Wa kudaiwa ni muuzaji.

Geuza namba uone upande wa pili. Lebo ingesoma 0.675 na mizani ya dukani ikasoma 530, pengo lingekuwa gramu 145, karibu kabisa na uzito wa kioo kimoja. Hapo kioo kiliwekwa, kikatolewa njiani. Kagua selotepu: ipo ya rangi mbili? Kuna mahali imebandikwa juu ya iliyochanika? Kumbuka pia kwamba forodha wana haki ya kufungua na kukagua, hivyo selotepu mpya peke yake si ushahidi wa wizi. Selotepu mpya pamoja na uzito uliopungua ndiyo habari.

Upimaji huu una mpaka wake. Kitu chepesi, kama pakiti ya skrubu au kioo cha kamera, kinapotea ndani ya makosa ya mizani. Na ukishatupa bahasha huwezi tena kulinganisha sawasawa, kwa sababu uzito wa lebo ni pamoja na bahasha.

Ndiyo maana mahali pazuri pa kupima ni dirishani posta, kabla hujasaini. Chini ya kanuni za Umoja wa Posta Duniani, wajibu wa posta kwa kifurushi cha rejista kwa kawaida huishia pale mpokeaji anapokichukua bila kuweka pingamizi. Ukiona kimechanika au ni chepesi kuliko ulivyotarajia, sema pale pale: "Dada, naomba tukipime kwanza kabla sijasaini." Mizani ipo, ni sehemu ya kazi yao. Uzito ukipungua, omba waandike. Karatasi hiyo ya posta ina nguvu kuliko picha ishirini utakazopiga nyumbani. Malalamiko ya huduma za posta na wasafirishaji wa vifurushi yasiposikilizwa na wahusika, mamlaka inayowasimamia ni TCRA.

Kumdai muuzaji bila kuzungushwa

Fundi sasa anajua anadai nini na kwa nani. Kwenye lalamiko hachagui sababu ya "sijapokea", maana kifurushi kimefika kweli na namba itamuumbua. Anachagua sababu ya idadi pungufu, anataja kioo kimoja, na anaambatisha picha tatu: lebo yenye uzito inayosomeka, vitu vyote pamoja na bahasha juu ya mizani, na kioo kimoja peke yake juu ya mizani. Maandishi yawe mistari miwili. Anayeamua hasomi hadithi, anatazama namba.

Kiasi cha kudai nacho kina hesabu yake. Kioo ni Sh 30,000, lakini punguzo lilikuwa asilimia kumi ya oda nzima, kwa hiyo kioo kiliuzwa kwa Sh 27,000. Adai Sh 27,000. Akidai 30,000 anampa muuzaji nafasi ya kubishana kuhusu jambo lisilo na maana. Muuzaji naye huenda akamwambia apokee Sh 15,000 yaishe. Kwa ushahidi wa mizani hakuna sababu ya kukubali nusu.

Jibu linalokuja mara nyingi zaidi ni hili: "Rafiki, kioo kimetumwa kwenye kifurushi kingine, tafadhali subiri." Huenda ni kweli; ule uwezekano wa tatu tuliouacha nyuma ndio huu. Njia ya kujua ni kuomba namba ya kifurushi hicho, kisha kuangalia tarehe ya kwanza kabisa kwenye taarifa zake, siku kilipopokelewa na msafirishaji. Ikiwa tarehe hiyo ni ya kabla ya lalamiko lako, muuzaji amesema kweli. Ikiwa ni ya baada, basi alisahau na ametuma sasa, nalo si baya, mradi oda ibaki wazi mpaka kifike. Akikwepa kutoa namba, hakuna kifurushi.

"Subiri" ni hatari kwa sababu saa inatembea. Kwenye AliExpress, kwa mfano, dirisha la kulalamika hufungwa siku 15 baada ya oda kukamilika, na oda hukamilika ukibonyeza kitufe cha kuthibitisha kwamba umepokea, au mfumo ukiifunga wenyewe baada ya muda. Fundi aliyefurahia betri zake akabonyeza kitufe hicho siku ya kwanza ameanza kuhesabiwa siku za vioo na za gundi pia, wakati gundi bado iko angani. Fungua lalamiko kwanza, halafu subiri likiwa wazi. Muuzaji mwaminifu hapotezi chochote kwa hilo.

Kwa vifurushi vya posta vinavyofuatiliwa kuna mlango mwingine: ombi la uchunguzi, ambalo posta hulipokea ndani ya miezi sita tangu kifurushi kilipotumwa. Kwa kawaida uchunguzi huo huanzishwa na mtumaji kwenye posta ya nchi yake, si wewe. Mwambie muuzaji aufungue, na umwombe uthibitisho kwamba ameufungua.

Mzigo ukitoka Kariakoo

Mambo haya hutokea hata bila posta. Unaagiza kwa simu kwa muuzaji wa Kariakoo, wewe uko Bunju au Chamazi. Hana vitu vyote dukani, vingine anavichukua kwa jirani, kwa hiyo bodaboda wa kwanza anakuja saa nne na wa pili jioni. Hapa hakuna lebo wala uzito. Ushahidi ni ujumbe: kabla bodaboda hajaondoka, muuzaji aandike idadi ya vitu alivyompa na atume picha yake. Ukipokea, hesabu mbele ya bodaboda, kisha mjibu muuzaji hapo hapo kwa idadi uliyoipata. Kuhesabu usiku na kupiga simu asubuhi kunawaacha watu watatu wakirushiana lawama, na anayeumia mara nyingi ni dereva ambaye hata hakujua amebeba nini. Muuzaji wa ndani akikataa wajibu wake, lalamiko la mlaji lina mahali pa kwenda: Tume ya Ushindani, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Na ile gundi?

Gundi ilikuwa na namba ya U. Fundi afanye mambo mawili tu: aulize kwenye sanduku la posta analotumia, na aache lalamiko la "sijapokea" likiwa wazi kwa kifurushi hicho peke yake, mbali na la kioo. Lalamiko la simu linamgharimu bando kidogo. Kutoka Tandika kwenda kuzunguka ofisi za posta kutafuta chupa ya Sh 5,000 isiyofuatiliwa ni hasara. Nauli na kazi za nusu siku zinazidi bei yake. Kioo cha Sh 27,000 chenye ushahidi wa mizani ndicho cha kupigania.